Kiini cha transfoma ya kuchomelea kinachemka hata bila mzigo. Kosa ni chuma nilichotumia?

mchomeleaji_katwe
Habari zenu ndugu. Nina karakana ndogo hapa Katwe, Kampala, natengeneza milango na madirisha. Mwezi uliopita nilijisukia mashine ya kuchomelea. Shaba nilinunua mpya. Kiini nilikikata kwa patasi kutoka mabaki ya mabamba ya milango, unene milimita 1.5, nikayanyoosha kwa nyundo na kuyapanga mpaka yakafika kilo 20 hivi. Umeme ni huu wetu wa volti 240, hezi 50.

Inachomelea vizuri, fimbo ya 2.5 inawaka bila kusuasua. Tatizo ni pale ninapoiacha imewashwa bila kuchomelea chochote. Klampu mita inasoma ampea 9 kwenye praimari, na baada ya dakika 20 huwezi kuweka kiganja kwenye kiini. Waya zenyewe zina uvuguvugu tu, kwa hiyo moto unatoka ndani ya chuma. Jambo jingine: nikizima, msumari mdogo unanata kwenye pembe ya kiini, na kesho yake asubuhi bado unanata. Naomba mnisaidie kuelewa kabla sijaichoma.

koili_mbarara
Pole kaka. Nimesuka mota za pampu miaka 15, na ugonjwa huo naujua. Hiyo ni mikondo ya kuzunguka ndani ya chuma. Mabamba yako yanagusana, umeme unazunguka humo kama maji kwenye sufuria, chuma kinapata moto. Fungua, paka kila bamba vanishi au rangi ya mafuta, acha ikauke, panga upya. Utakuja kunishukuru.

spika_arua
Mimi natengeneza spika na redio hapa Arua. Ninavyoona, sumaku yako ni dhaifu. Msumari unanata kidogo tu! Tafuta chuma kinachoshika sumaku sawasawa, hata vipande vya sumaku ya neodimiamu ukivipata, uviweke katikati ya kiini. Sumaku ikiwa na nguvu, transfoma nayo itakuwa na nguvu.

Na mimi nina swali langu hapohapo. Nilipokea spika ya redio kubwa ya zamani, ile yenye sumaku ya alniko. Koili ya sauti ilikuwa imejaa uchafu. Nikaitoa sumaku kwenye nyumba yake ya chuma, nikasafisha, nikarudisha vilevile. Sauti imekuwa ndogo kuliko mwanzo. Sikuiangusha, sikuipasha moto. Za feraiti nimewahi kuzifungua na hazikufanya hivyo. Kwa nini?

mchomeleaji_katwe
@koili_mbarara nimefanya ulivyosema, siku tatu nzima za kupaka na kukausha. Kweli imepungua, lakini bado. Leo nimepima kwa multimita yenye waya wa joto, nimeubana kati ya mabamba: nilianza na nyuzi 26, baada ya dakika 10 ikasoma 50. Hiyo ni baada ya rangi.

mwalimu_jinja
Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi huku Jinja. Asante kwa kipimo hicho, kimetupa kitu cha kushika. Kilo moja ya chuma inataka karibu jouli 460 ili ipande nyuzi moja. Kilo 20 kwa nyuzi 24 ni jouli 220,000 na kitu. Gawanya kwa sekunde 600, unapata karibu wati 370. Yaani kiini chako kinakula umeme wa pasi ndogo muda wote, hata ukiwa umekaa unakunywa chai.

@koili_mbarara amesema kweli, ila ni nusu ya kweli. Rangi inazuia mikondo isivuke kutoka bamba moja hadi jingine. Ndani ya kila bamba mikondo inaendelea kuzunguka, na milimita 1.5 ni bamba nene kwa kazi hii. Nusu ya pili haihusiani na mikondo hiyo kabisa, na hata ungepaka rangi mara kumi isingeondoka. Inatokana na jinsi chuma chenyewe kinavyogeuza usumaku wake. Msumari unaonata asubuhi ndio ushahidi wake.

Dada @spika_arua, nitakuja kwenye alniko, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Lakini ushauri wa kutia sumaku kwenye kiini ni kinyume cha kinachotakiwa. Transfoma inageuza usumaku kaskazini kusini, kaskazini kusini, mara 50 kwa sekunde. Chuma kinachong'ang'ania upande mmoja ni mzigo. Hapa tunataka chuma kisichokumbuka kitu.

koili_mbarara
Mwalimu, kwa heshima, kila kitabu cha kusuka mota kinasema mabamba membamba yenye vanishi. Huo ukumbusho wa chuma sijausikia karakana yoyote.

mwalimu_jinja
Umeusikia kwa sauti nyingine, mzee. Ukienda kununua mabamba ya kiini wanakuuliza kama unataka ya silikoni, sivyo? Silikoni inafanya kazi mbili. Inaongeza ukinzani wa chuma, hiyo inaua mikondo yako. Na inafanya usumaku ugeuke kwa urahisi zaidi.

Ngoja nieleze kinachotokea ndani, maana hapo ndipo kila kitu kinapokaa. Chuma hakisubiri koili ili kiwe sumaku. Tayari ni sumaku, ila kimegawanyika katika mitaa midogo midogo, tunaiita domeni. Ndani ya mtaa mmoja atomu zote zimeelekea upande mmoja, mtaa wa jirani zimeelekea kwingine, na kwa jumla zinafutana. Kati ya mitaa kuna mpaka mwembamba, ukuta wa domeni. Ukipitisha umeme kwenye koili, mitaa iliyoelekea upande wa koili inapanuka na mingine inasinyaa. Atomu hazihami. Ukuta ndio unaosogea.

Sasa ukuta huo ukisogea katika chuma safi kilichotulia, unateleza. Katika bamba la mlango kuna chembe za kabaidi kutokana na kaboni, kuna mipaka ya fuwele, na kuna mikunjo isiyoonekana iliyoachwa na nyundo na patasi yako. Ukuta unafika hapo unakwama. Koili inaongeza nguvu, ukuta haujaenda, koili inaongeza tena, kisha unachomoka kwa kishindo hadi kizuizi kinachofuata. Nguvu ya kishindo hicho inakuwa joto. Umeme ukishuka hadi sifuri, kuta nyingi hazirudi zilikotoka, zimekwama huko mbele. Hicho kinachobaki ni remanensi, ndicho kinachoshika msumari wako. Ili kukifuta, koili lazima isukume kinyume, na kiasi cha kusukuma kinyume mpaka usumaku wa jumla ufike sifuri ndiyo koesiviti. Chora usumaku dhidi ya nguvu ya koili kwa mzunguko mzima, hupati mstari, unapata kitanzi. Eneo la ndani ya kitanzi ni joto la mzunguko mmoja kwa kila mita ya ujazo. Nawe una mizunguko 50 kila sekunde.

spika_arua
Kishindo hicho kinasikika?

mwalimu_jinja
Kinasikika! Barkhausen alikisikia mwaka 1919. Wewe una amplifaya mezani, una kila kitu. Chukua koili ya rilei yenye mizunguko maelfu, toa chuma chake cha katikati, unganisha koili kwenye sehemu ya maikrofoni. Ingiza msumari ndani, kisha sogeza sumaku ya spika polepole sana kuelekea kwenye msumari. Polepole ndiyo siri.

mwanafunzi_mbale
Shikamoo mwalimu, na wengine wote. Niko Mbale, mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme. Maabara yetu ina osiloskopu na huwa haina watu jioni. Ndugu wa Katwe akinitumia vipande vya bamba lake nitachora kitanzi chenyewe, tuache kukisia.

mchomeleaji_katwe
Nitakutumia kesho kwa basi. Vimenyooshwa kwa nyundo ileile.

spika_arua
Jamani nimekisikia! Mara ya kwanza nilipata mvumo wa umeme tu, nikafunika koili kwa kopo la maziwa nikaliunganisha na ardhi ya amplifaya, mvumo ukapungua. Halafu nikasogeza sumaku kidogo kidogo: *khrrrr*, kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Nikisimama, nayo inasimama. Nikigeuza sumaku upande wa pili, mchanga unamwagwa tena kwa wingi zaidi. Nimeita watoto wote wa jirani.

Nikaweka bamba la silikoni la transfoma iliyoungua. Sauti ni laini zaidi, kama upepo. Nikaweka kipande cha sumaku ya feraiti iliyovunjika. Kimya. Hakuna mchanga kabisa. Mbona feraiti ndiyo sumaku zaidi lakini haisemi kitu?

mwalimu_jinja
Kwa sababu sumaku ya mkononi haina nguvu ya kusogeza chochote humo. Hapo umegusa tofauti ya sumaku laini na sumaku ngumu, na si ugumu wa kukwaruza kwa kisu.

Fuwele ya chuma ni mchemraba. Usumaku wake una njia sita nyepesi za kuelekea, kwa hiyo kutoka moja hadi nyingine si mbali na ukuta unasogea bila gharama kubwa. Fuwele ya feraiti ya sumaku ina pembe sita na mhimili mmoja tu: juu au chini, hakuna pa kupumzika katikati. Kugeuza usumaku humo kunadai kazi kubwa zaidi kwa kila atomu. Halafu kiwandani wanaisaga feraiti mpaka chembe zikaribie maikroni moja. Chembe ndogo hivyo haioni faida ya kujigawa mitaa, nyingi zinabaki mtaa mmoja. Hakuna ukuta wa kusukuma. Ili uigeuze, lazima upindue usumaku wa chembe nzima kwa pamoja, dhidi ya mhimili wake. Neodimiamu ni mhimili mmoja vilevile, ila mkali zaidi. Chembe zake ni kubwa kidogo, na kazi ya kiwanda ni kuzuia ukuta usizaliwe kwenye ngozi ya chembe, maana ukizaliwa tu unapita chembe nzima.

Kwa namba: koesiviti ya bamba zuri la silikoni ni makumi ya ampea kwa mita. Chuma cha kawaida kilichopigwa nyundo ni mamia. Feraiti ya spika ni karibu laki mbili na nusu. Mtu mwenye sumaku mkononi yuko mbali sana na hapo.

Na alniko yako, dada: ina remanensi kubwa, karibu tesla 1.2, mara tatu ya feraiti. Ndiyo maana wakongwe waliipenda. Lakini koesiviti yake ni karibu elfu 50 tu za ampea kwa mita. Ilipokuwa ndani ya nyumba yake ya chuma, usumaku ulikuwa na njia ya kurudi. Ulipoitoa, ncha zake mbili zikabaki hewani, na sumaku ikaanza kujisukuma yenyewe kinyume. Feraiti inavumilia msukumo huo, alniko haivumilii. Sehemu ya chembe zake zikageuka, na kuirudisha nyumbani hakuzigeuzi tena. Inatakiwa itiwe sumaku upya ikiwa imeshafungwa ndani ya chuma chake.

spika_arua
Nimeiharibu kwa kuisafisha! Roho inaniuma, mwenyewe ni mzee wa watu. Nitamwambia ukweli.

koili_mbarara
Mwalimu, hilo la alniko nimelielewa na nakubali. Lakini la transfoma bado nataka kuona namba.

mwanafunzi_mbale
Namba hizi hapa. Nimekata vipande vya L upana milimita 20, nikapanga tabaka 13 pembe zikipishana, nikapata fremu ya mraba. Eneo la mkato ni karibu sentimita 4 za mraba, njia ya usumaku kuzunguka fremu ni mita 0.4. Mizunguko 200 praimari, 200 sekondari. Nimelisha kwa transfoma ya volti 24, si moja kwa moja kutoka ukutani, tafadhali msijaribu hivyo. Rezista ya omu 1 kwenye praimari inanipa mhimili wa mlalo. Sekondari inapita rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya maikrofaradi 1, volti ya kapasita ndiyo mhimili wa wima. H ni nguvu ya koili, B ni usumaku:

```
H = N1 * I / l
B = R * C * Vc / (N2 * A)
```

Nilipandisha mpaka kapasita ikafika volti 0.96 kileleni, hiyo ni tesla 1.2. Kitanzi kilijaa skrini, kinono kama muhogo. Kinapokata mstari wa katikati, mlalo unasoma volti 1.2 kila upande. Yaani ampea 1.2, mara mizunguko 200, gawanya kwa 0.4: ampea 600 kwa mita.

Fremu kama hiyo ya mabamba ya milimita 0.5 kutoka stabilaiza iliyoungua: volti 0.12. Ni ampea 60 kwa mita. Mara kumi pungufu. Kitanzi chake kimekonda, unaona kama mistari miwili imekaribia kugusana.

mwalimu_jinja
Kazi safi sana. Tukichukulie kitanzi kama mstatili: mara nne ya 600 mara 1.2 ni jouli 2,880 kwa mita ya ujazo kila mzunguko. Kilo 20 za chuma ni mita za ujazo 0.00256. Mara 50 kwa sekunde. Inatoka karibu wati 370, sawasawa na kipimajoto cha Katwe. Usawa huo una bahati ndani yake: kitanzi halisi kina pembe za mviringo kwa hiyo mstatili unazidisha, na kipimajoto kinapunguza kwa sababu joto jingine limeshaponyoka hewani. Lakini tuko mahali sahihi.

Sasa @koili_mbarara, hapa ndipo unapopata haki yako. Kitanzi kilichochorwa kwa hezi 50 kinajumlisha na mikondo ya kuzunguka, inakinenepesha. 600 hiyo si koesiviti tupu ya chuma. Kwa hesabu yangu, mikondo ndani ya bamba la milimita 1.5 inachukua nusu au zaidi kidogo. Kilichobaki ni kuta za domeni.

koili_mbarara
Basi tumeelewana. Nusu yangu, nusu yako.

mchomeleaji_katwe
Na mimi mwenye mashine nifanye nini? Mabamba ya silikoni ya kilo 20 bei yake hainiruhusu mwezi huu.

mwalimu_jinja
Unaweza kupunguza nusu yangu kwa mkaa. Yapange mabamba ndani ya sanduku la chuma, jaza mchanga mkavu, ziba mdomo kwa udongo ili hewa isiingie na kuyala. Pasha hadi yawe mekundu ya cheri iliyofifia, karibu nyuzi 700, kaa hapo saa mbili, kisha zima na uache kila kitu kipoe ndani ya majivu mpaka kesho. Mikunjo ya nyundo inajifuta, fuwele zinakua, kuta zinapata njia. Kipimo cha bei rahisi: chuma kikiacha kushikwa na sumaku umepita nyuzi 770, umezidisha. Na baada ya hapo, usiyaguse kwa nyundo. Ukiyakunja tena umerudi ulikotoka. Rangi itakuwa imeungua, paka upya.

mchomeleaji_katwe
Wiki mbili zimepita, narudi na majibu. Sanduku nilichomelea mwenyewe, tanuri nilijenga kwa tofali. Bamba moja la juu liliungua likawa na magamba, mengine yametoka ya kijivu safi. Nimepaka, nimepanga, nimefunga. Bila mzigo sasa ni ampea 6.5. Joto: kutoka 26 hadi 43 kwa dakika 10.

mwanafunzi_mbale
Hiyo ni karibu wati 260. Vipande alivyonitumia kutoka sanduku hilohilo nimevipima leo: volti 0.85, yaani 425 kwa mita. Kwa mstatili wa mwalimu, karibu wati 260 pia.

Kitu kimoja kinanisumbua. Urefu wa mahali kitanzi kinapokata mhimili wa wima, yaani remanensi, unabadilika kila ninapofungua na kubana fremu upya. Mara tesla 0.7, mara 0.9. Upana haubadiliki. Nimekosea wapi?

mwalimu_jinja
Hujakosea. Ni nafasi ya hewa kwenye viungo vya pembe. Hewa inalaza kitanzi upande, remanensi inashuka, lakini mahali kinapokata mlalo hapasogei. Ndiyo maana upana ni wa kuaminika zaidi ukilinganisha vyuma.

koili_mbarara
Wati 260 bado ni nyingi. Ingekuwa mimi ningekata mabamba ya milimita 0.5 kutoka kwenye stabilaiza mbovu, hata ikichukua miezi mitatu kuzikusanya. Moto wa mkaa hauwezi kupunguza unene.

mwalimu_jinja
Hapo sina la kupinga. Ila kwa anayechomelea dakika mbili na kuzima dakika tano, nadhani hii inatosha.

mchomeleaji_katwe
Nimeweka swichi ya mguu, nikiinua mguu praimari inakatika. Mabamba ya silikoni nimeanza kuyakusanya, nina kilo nne. Msumari bado unanata kwenye pembe, ila sasa nikitikisa kiini unaanguka.

spika_arua
Mzee wa redio hajakasirika. Kuna mtu yeyote Kampala mwenye mashine ya kutia sumaku upya alniko ikiwa ndani ya nyumba yake?